Kumbukumbu ya mradi: shali ya mtoto na nambari iliyomezwa na kunjo la karatasi

Mwanzo wa Juni, Nkuhungu

Upepo wa Dodoma umeshaanza kukata masikio asubuhi, na dada yangu anatarajia mtoto kabla kipupwe hakijaisha. Amenitumia picha ya karatasi ya zamani yenye maelekezo ya kufuma shali ya kumfunikia mtoto. Mfumaji ni shangazi, yuko Mpwapwa. Amefuma masweta na makofia tangu mimi sijazaliwa, ila hufuma kwa kuangalia kazi iliyokwisha kufumwa, na Kiingereza cha vifupisho hakimsaidii chochote. Kazi yangu ni kuyafungua maandishi hayo yawe hatua anazoweza kusomewa na mjukuu wake huku mikono yake ikiendelea.

Picha ya kwanza haikufaa. WhatsApp hubana picha, na herufi ndogo zikibanwa, `K` na `R` zinakuwa kitu kimoja. Nilimwomba dada aitume tena kama dokumenti, na hapo ikasomeka yote isipokuwa sehemu moja: karatasi ilikuwa imekunjwa, na kunjo limekula nambari katikati ya mstari wa tatu. Nimeweka alama ya kuuliza mahali hapo.

```
Double knitting. No. 8 needles.
Tension: 22 sts = 4 in over st st.
Size: approx 30 in x 36 in.

Cast on 170 sts. K 8 rows.
1st row (RS): K.
2nd row: K4, P to last 4 sts, K4.
3rd row: K4, *(K2tog) 3 times, (yfwd, K1) ? times,
(K2tog) 3 times; rep from * to last 4 sts, K4.
4th row: K.
Rep these 4 rows until work meas 35 in,
ending with a 4th row. K 8 rows. Cast off.
```

`Double knitting` ni jina la unene wa uzi, na `Tension` ni idadi ya vitanzi vinavyopatikana katika kipimo fulani cha kitambaa. Vifupisho vyenyewe si vingi. `sts` ni vitanzi. `K` ni kufuma kawaida, na ikisimama peke yake maana yake ni mstari mzima. `P` ni kufuma kinyume. `RS` ni upande wa mbele wa kitambaa, ule utakaoonekana. `st st` ni ule ufumaji wa sweta za kawaida, mstari mmoja kawaida na mwingine kinyume. `K2tog` ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja, vinabaki kimoja. `yfwd` ni kuleta uzi mbele kwa kuupitisha kati ya sindano mbili, kisha kufuma kitanzi kinachofuata kawaida bila kuurudisha nyuma kwanza. Uzi utalala wenyewe juu ya sindano, utazaa kitanzi kipya na kuacha tundu chini yake. Matundu hayo ndiyo urembo wote wa shali hii.

Sindano namba 8

Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu namba 8 ina maana mbili. Kwa namba za zamani za Uingereza, sindano namba 8 ina unene wa milimita 4. Kwa namba za Marekani, namba 8 ni milimita 5. Tofauti hiyo ya milimita moja inatosha kuifanya shali ya mtoto iwe pana kupita kiasi.

Maandishi yenyewe yanatoa jibu. `Cast off`, `yfwd` na `Tension` ni msemo wa Waingereza. Wamarekani huandika `bind off`, `yo` na `gauge`. Hesabu nayo inakubali: vitanzi 22 kwa inchi 4 ni vitanzi 5 na nusu kwa inchi moja, na 170 ukigawa kwa 5.5 unapata inchi 31 hivi. Karatasi inasema upana ni inchi 30. Kwa sindano ya milimita 5 na uzi unaolingana nayo, ambao kwa kawaida hutoa kama vitanzi 18 kwa inchi 4, upana ungefika karibu inchi 38. Kwa hiyo ni milimita 4.

Sindano za shangazi namba zake zimefutika zamani. Nilimwambia aende kwa fundi seremala amtobolee kipande cha ubao kwa keekee ya milimita 4. Sindano inayopita kwenye tundu hilo kwa kubana kidogo ndiyo yenyewe. Ikipita huku inacheza, ni nyembamba mno.

Nambari iliyopotea

Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia. Huhitaji kubahatisha, kwa sababu mistari minne inarudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna mahali panaposema vitanzi vimeongezeka au vimepungua. Mstari wa 1, wa 2 na wa 4 haugusi idadi. Basi hata mstari wa 3 lazima umalize na vitanzi vilevile ulivyoanza navyo.

Chukua fungu moja, yaani kila kilicho kati ya nyota na nukta mkato. Mwanzoni kuna `K2tog` mara tatu: inakula vitanzi sita na kuacha vitatu. Mwishoni kuna nyingine tatu: zinakula sita na kuacha vitatu. Jumla zimeliwa 12, zimebaki 6, pengo la vitanzi sita. Katikati, kila `yfwd, K1` inakula kitanzi kimoja na kuacha viwili, yaani inaongeza kimoja. Ili kuziba pengo la sita inabidi ifanyike mara 6. Nambari iliyomezwa ni 6.

Uthibitisho wa pili: fungu lote sasa linakula vitanzi 12 na 6, yaani 18. Toa vitanzi vinne vya ukingo kila upande kutoka 170, vinabaki 162, na 162 kwa 18 ni 9 kamili. Ingekuwa 5, fungu lingekula 17, na 162 haigawanyiki kwa 17. Ingekuwa 7, lingekula 19, nayo haigawanyiki.

Nyota na mabano

Wengi huchanganya hapa, hata wanaojua Kiingereza. Nambari inayofuata mabano ni jumla: `(K2tog) 3 times` ni mara tatu, basi. Nambari inayofuata nyota kwa kawaida ni nyongeza. Karatasi ikiandika `rep from * 8 times`, fungu umeshalifanya mara moja ulipolipitia, kisha unalirudia mara nane, kwa hiyo ni mafungu tisa. Neno `more` likiwepo, halibakizi shaka. Lisipokuwepo, rudi kwenye kugawanya vitanzi kama nilivyofanya hapo juu. Mpangilio wetu umekwepa mtego huo kwa kusema `to last 4 sts`, yaani endelea mpaka vibaki vinne kwenye sindano ya kushoto.

Kwenye masweta kuna mabano ya namna nyingine, yenye nambari tupu kama `80 (88: 96)`. Hayo ni saizi tofauti za vazi, wala hayahusiani na kurudia.

Hii ndiyo karatasi niliyompelekea shangazi:

Anzisha vitanzi 170. Fuma mistari 8 yote kawaida.

Mstari wa 1, mbele: wote kawaida.

Mstari wa 2: vinne kawaida, vingine vyote kinyume mpaka vibaki vinne, vinne hivyo kawaida.

Mstari wa 3: vinne kawaida. Sasa fungu: viwili pamoja, viwili pamoja, viwili pamoja, kisha mara sita, lete uzi mbele na ufume kimoja, kisha viwili pamoja, viwili pamoja, viwili pamoja. Fanya mafungu tisa. Malizia vinne kawaida. Hesabu: 170.

Mstari wa 4: wote kawaida.

Rudia mistari hii minne mpaka kitambaa, kikiwa kimelazwa mezani bila kuvutwa, kifike sentimita 89, na usimame baada ya mstari wa 4. Mistari 8 kawaida. Funga.

Simu kutoka Mpwapwa

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii karatasi yako inaniambia viwili pamoja mara tatu. Kwenye picha ya shali mimi naona sita zimekaa pamoja. Nani mwongo?"

Hakuna mwongo. Tatu za mwisho wa fungu moja hukutana na tatu za mwanzo wa fungu linalofuata, zikawa sita mfululizo, na hapo ndipo wimbi linapobonyea. Zinabaki tatu tu mwanzoni kabisa na mwishoni kabisa mwa mstari, karibu na ukingo. Nimeliongeza hilo kwenye karatasi yake, maana mfumaji anayesoma kazi kwa macho angerekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Nilimwomba pia aweke kijiuzi cha rangi nyingine kwenye sindano baada ya kila vitanzi 18, ndani ya vile vinne vya ukingo. Baada ya mstari wa 3 kila nafasi kati ya vijiuzi iwe na 18. Ikiwa na 17, mara nyingi uzi mmoja haukuletwa mbele. Hapo hakuna haja ya kufumua: kwenye mstari wa 4, inua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili mahali tundu linapokosekana, uupandishe kwenye sindano na uufume. Tundu litakuwa dogo kidogo, si la kuonekana. Ikiwa na 19, tafuta mahali ambapo viwili pamoja vilifumwa kimoja kimoja.

Katikati ya Juni

Uzi wa soko la Majengo hauna lebo ya maana, kwa hiyo nilimtaka shangazi afume kwanza kipande cha majaribio cha vitanzi 30, kawaida na kinyume, apime sentimita 10 za katikati na kuhesabu. Alipata 20 badala ya 22. Vitanzi 170 kwa kipimo hicho vingetoa sentimita 85 badala ya 77, tena uzi ungekwisha mapema. Sindano nyembamba kidogo, ya milimita 3.75, ilimfikisha 22.

Sasa amemaliza mistari minane ya mwanzo, ameingia kwenye ile minne inayorudiwa, na mawimbi yanaonekana. Jana ameuliza kama anaweza kujifumia skafu yake mwenyewe kwa mtindo huohuo. Anaweza: anachagua idadi ya mafungu, anazidisha kwa 18, anaongeza 8 za ukingo. Mafungu manne ni vitanzi 80, upana wa sentimita 36. Amesema hiyo ni pana mno kwa shingo yake, atafanya mawili, vitanzi 44.