Mteja Mmoja, Rekodi Nne

Mwaka 2021 nilikuwa nikifanya kazi ya takwimu kwa duka moja la vitenge na khanga Kariakoo. Duka liliuza kwa njia mbili: kaunta ya mtaani, na tovuti ambayo watu wa Mwanza, Arusha, Mombasa na hata Maskati waliagizia mzigo. Mama mwenye duka alikuwa na ripoti mkononi iliyosema kwamba katika kila wateja wanane, ni mmoja tu anayerudi kununua tena. Kwa sababu ya ripoti hiyo alikuwa mbioni kufuta punguzo la wateja wa zamani na kuzipeleka fedha zote kwenye matangazo ya kutafuta wapya. Lakini moyo wake haukutulia. "Mwanangu," aliniambia, "sasa hawa ninaowaona hapa kila sikukuu ikikaribia ni kina nani?"

Ripoti ilikuwa imehesabu rekodi. Mtu aliyeandikwa mara mbili alihesabiwa watu wawili, kila mmoja akiwa amenunua mara moja. Hapo hesabu inaumia pande zote mbili: idadi ya wateja inapanda na idadi ya waliorudi inashuka, kwa hiyo uwiano unaanguka kwa kasi kuliko mtu anavyotegemea. Nilimwomba mama anipe siku kadhaa na faili lote la oda za kuanzia 2019.

Nilianza na namba za simu, kwa kuwa huku kwetu namba ndiyo watu wanayoitoa kwa urahisi kuliko baruapepe. Namba ileile ilikuwa imeandikwa kwa sura nyingi: wengine walianza na sifuri, wengine na 255, wengine na alama ya kujumlisha, na wapo walioandika 255 kisha wakaiacha sifuri palepale mbele ya namba. Zilizopitia Excel zilikuwa zimepoteza sifuri ya mwanzo, maana Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni kiasi cha kujumlishwa. Kwa hiyo nililifungua faili upya nikiwa nimelazimisha kolamu ya simu isomwe kama maandishi, kisha kila namba nikaipitisha hapa:

```python
import re

def safisha(namba):
    t = re.sub(r"\D", "", namba)
    if t.startswith("2550"):
        t = "255" + t[4:]
    if len(t) == 10 and t[0] == "0":
        t = "255" + t[1:]
    if len(t) == 9 and t[0] in "67":
        t = "255" + t
    return t
```

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huitumia, ya kuchukua tarakimu tisa za mwisho na kutupa zilizobaki. Sikuitaka kwa ajili ya wateja wa Mombasa. Namba za Kenya nazo zina tarakimu tisa baada ya 254, na zipo zinazoanza na 711 kama zilivyo baadhi za Tanzania. Ukikata msimbo wa nchi, mtu wa Likoni na mtu wa Temeke wanaweza kuangukia namba moja. Mteja wa Mombasa aliyeandika namba yake kwa sifuri nilimtambua kwa mji wa kupelekea mzigo, nikamwekea 254 mahali pa sifuri hiyo kabla ya kuipitisha namba.

Kwenye baruapepe kazi ilikuwa fupi. Niligeuza herufi zote kuwa ndogo, nikaondoa nafasi, nikarekebisha gmail.con na wenzake. Kwa anwani za gmail.com peke yake niliondoa nukta zilizo kabla ya alama ya @, kwa sababu Google haizihesabu. Anwani za ofisini sikuzigusa, maana huko nukta moja inaweza kuwatenganisha watu wawili.

Baada ya hapo ndipo mtu akaanza kuonekana. Nakumbuka mteja mmoja aliyekuwa na rekodi nne. Ya kwanza ilitoka kwenye tovuti, ikiwa na gmail yake na laini ya 0754. Ya pili nayo ilitoka kwenye tovuti, ikiwa na anwani ya kazini na laini ileile iliyoandikwa kwa 255. Ya tatu ilikuwa ya kaunta, haina baruapepe, ina laini ya 0687. Ya nne ilikuwa ya kaunta pia, ina laini ya 0687 pamoja na ile gmail, ila imetiwa nukta katikati. Ukiilinganisha rekodi ya pili na ya tatu uso kwa uso, hazifanani kwa lolote. Lakini ya pili inashikana na ya kwanza kwa simu, ya kwanza inashikana na ya nne kwa baruapepe, na ya nne inashikana na ya tatu kwa simu. Kwa ripoti ya zamani hawa walikuwa wateja wanne na hakuna aliyerudi. Kwa kweli alikuwa mwanamke mmoja aliyenunua mara nne katika miaka miwili.

Sababu ya laini mbili ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa nchini. Kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wengi wakaibuka na namba mpya. Wengine, wakiwa hawajapata namba ya NIDA, walitumia laini iliyosajiliwa na ndugu. Ndiyo maana sikulitegemea jina linalotokea kwenye malipo ya simu kuwaunganisha watu: jina lile ni la aliyesajili laini, na aliyevaa kitenge ni mwingine.

Basi niliandika programu ifuate mnyororo huo: rekodi mbili zikigusana kwa namba au baruapepe ziingie kundi moja, na kundi likigusana na kundi, yote yawe moja. Ilipomaliza sikutazama wastani. Niliyapanga makundi kuanzia kubwa kwenda dogo, nikafungua la kwanza. Lilikuwa na rekodi zaidi ya mia mbili. Humo walikuwemo wanaume na wanawake, watu wa Dodoma na watu wa Tanga, na majina yasiyo na uhusiano wowote. Kwa kundi hilo peke yake, mamia ya watu walikuwa wamegeuka mteja mmoja mwaminifu kupita kiasi.

Kundi la namna hiyo karibu kila mara limefungwa na fundo moja au mawili, na fundo linaonekana ukihesabu majina tofauti chini ya kila namba. Mtu wa kawaida ana majina mawili au matatu, kwa kuwa leo anaandikwa Mohamed, kesho Mudi, keshokutwa Baba Fulani. Namba moja hapa ilikuwa na majina zaidi ya mia. Nilimsomea mama namba hiyo naye akaitambua kabla sijafika mwisho. "Hiyo si ya binti wa kaunta?"

Tulimwita dada wa kaunta, naye akaeleza bila wasiwasi. "Kaka, mteja akikataa kutoa namba, mashine hainipi risiti. Foleni ndefu, naweka yangu." Alikuwa sahihi kabisa. Sehemu ya simu ilikuwa ya lazima, na mtu anayehudumia foleni ya watu wa Eid hawezi kubishana na mashine. Kwenye baruapepe kulikuwa na anwani za kujazia zenye kazi ileile, kama hana@ na mteja@. Niliandika orodha ya namba na anwani za namna hiyo, nikaiambia programu isiunganishe chochote kwa kuzitumia. Namba ya mtu aliyekuwa akipokea mizigo ya mikoani stendi ya basi niliitia humo pia.

Namba ya pili kwa wingi wa majina ilinisimamisha zaidi. Ilikuwa na majina kama thelathini, na nilikuwa karibu kuiweka kwenye orodha ileile. Nilipozisoma oda zenyewe, nikaona baruapepe ni moja, malipo yanatoka mahali pamoja, na vitenge vinanunuliwa pisi nyingi kwa mkupuo. Alikuwa fundi cherehani wa Mbagala, na majina yale yalikuwa ya wateja wake, ameyaandika ili asichanganye mizigo. Huyu ni mnunuzi mmoja, tena wa kudumu. Namba mbili zenye dalili moja zilihitaji hukumu mbili, na hakuna kigezo cha kuhesabu majina ambacho kingenitofautishia. Ilibidi kusoma, na hadi leo makundi makubwa huwa nayasoma mwenyewe mstari kwa mstari.

Nilipohesabu waliorudi baada ya kufungua mafundo, uwiano ulipanda mno, nikautilia shaka. Kumbe kuwaunganisha watu kulikuwa kumefichua oda zilizoandikwa mara mbili. Mteja aliagiza kwenye tovuti, malipo yakagoma, akaja dukani kuchukua mzigo uleule, na keshia akampigia upya kwenye mashine. Mwanzo oda hizo zilikuwa za "wateja" wawili tofauti, hazikudhuru hesabu ya waliorudi. Sasa zilikuwa za mtu mmoja, na zilimfanya aonekane amerudi. Niliondoa oda za tovuti zisizo na malipo, kisha tukakubaliana na mama kwamba kurudi maana yake ni kununua katika siku mbili tofauti.

Zilibaki rekodi ambazo sikuweza kuzihukumu: namba moja yenye jina moja mwaka 2019, kimya kirefu, kisha jina jingine na mji mwingine mwaka 2021. Huenda laini ilikufa ikauzwa kwa mtu mwingine, huenda mama kampa mwanawe simu. Sikuzilazimisha. Nilihesabu mara moja zikiwa zimeunganishwa na mara moja zikiwa mbalimbali, nikampa mama majibu yote mawili. Kwa njia ya ukali, zikiwa mbalimbali, wateja 28 katika kila 100 walirudi. Kwa njia ya ulegevu, zikiwa zimeunganishwa, 32. Alisoma, akasema tofauti hiyo haimsumbui, kwa kuwa zote ziko mbali na mmoja katika wanane. Punguzo likabaki.

Rekodi za asili sikuzifuta hata moja. Nilitengeneza jedwali la pembeni lenye kolamu tatu: namba ya rekodi, namba ya mteja niliyompa, na sababu ya kuunganisha. Sehemu ya simu kwenye mashine ya kaunta tuliifungua iruhusu kuachwa wazi. Wiki chache baadaye mteja wa Tabata alipiga simu kwamba amepewa punguzo lisilo lake. Kumbe baruapepe ilikuwa moja kwake na kwa binti yake anayesoma Morogoro. Nilifungua jedwali, nikaikuta sababu imeandikwa "baruapepe", nikawapa namba mbili za mteja na kuiweka anwani ile kwenye orodha ya zisizounganisha. Hesabu ilipopigwa upya, wateja waliongezeka mmoja, na waliorudi walipungua mmoja, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa amenunua mara moja.