Orodha niliyokwenda nayo Mbeya kununua mchele na maharage

Nina duka la nafaka la jumla Tandika, na safari yangu ya kwanza ya Mbeya niliifanya nikiwa na bei za kubahatisha kichwani tu. Safari ya pili niliandaa orodha kwenye daftari, nikaanza na bei ya kuuzia Dar es Salaam ndipo nikarudi nyuma hadi bei ya kununulia.

Mtaji wangu ulikuwa shilingi 6,000,000. Nilipanga kilo 1,500 za mchele kwa bei niliyotarajia ya shilingi 2,000 kwa kilo, na kilo 700 za maharage ya njano kwa 2,400, jumla 4,680,000. Nauli yangu, malazi, magunia, kupakia na kushusha, usafiri wa mzigo na ushuru wa mazao nilivikadiria kuwa 671,000, ambazo nikizigawa kwa kilo 2,200 ni kama shilingi 305 kwa kila kilo. Kwa kuwa mchele ule nauza 2,600 na sitaki faida iliyo chini ya 150, kikomo changu cha kununulia kilikuwa 2,145. Cha maharage, ninayouza 3,000, kilikuwa 2,545. Safu hiyo ya kikomo ndiyo iliyoniokoa.

Nilipofika, mchele ulikuwa umepanda hadi 2,250, ilhali maharage yalikuwa yameshuka hadi bei hiyohiyo. Nilitamani kuuacha mchele wote, lakini nina mama lishe wanaochukua kwangu kila wiki, na wakiukosa watahamia kwa jirani na hata maharage watanunua hukohuko. Nikachukua kilo 500 tu, zenye faida ya shilingi 45 kwa kilo, na maharage nikayafikisha kilo 1,700. Sikupunguza uzito wa mzigo wote, kwa sababu nauli yangu na malazi havipungui hata nikinunua kidogo, na zile 305 zingepanda. Manunuzi yalifika 4,950,000. Pamoja na gharama, 5,621,000.

Maharage niliyapima kwa meno kabla ya kulipa: punje kavu hupasuka, mbichi huacha alama ya jino, na hiyo ikikaa ghalani huvunda. Punje zenye vitundu nilizikataa, maana hao wadudu huendelea kuzaliana ndani ya gunia. Kisha nikadai kila gunia lipande mizani. Muuzaji mmoja alinung'unika, akisema, "Dada, hapa gunia ni gunia," lakini gunia lake la kwanza, alilolitaja kuwa la kilo 100, lilisoma 94. Kwa bei ya 2,250, kilo hizo sita ni shilingi 13,500. Tuliendelea kwa kulipana kwa kilo, na kwenye daftari nikaongeza safu ya uzito halisi pembeni mwa idadi ya magunia.