Kilele kilifika, shahawa haikutoka

Nina miaka 54, naishi Umoja. Mwaka jana mkojo ulianza kunisumbua: naamka usiku mara nne, na chooni nasimama nikiusubiri. Daktari alinipima, akasema tezi dume imekua ila si saratani, akaniandikia tamsulosini ya miligramu 0.4, kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni. Wiki mbili baadaye nilikuwa nalala vizuri.

Kisha nikiwa na mama watoto, mambo yakaenda kama kawaida, utamu ukafika kileleni, lakini hakikutoka kitu. Hata tone. Ikawa hivyo kila mara. Usiku mmoja mke wangu aliketi kitandani akaniuliza taratibu, "Baba Njeri, hiyo yako unaipeleka wapi siku hizi?" Iliniuma, kwa maana jibu sikuwa nalo.

Rafiki yangu alisema ni kuchelewa tu, nivute subira. Alikosea, na kosa hilo ndilo linalowapotezea wanaume wengi muda. Anayechelewa hatimaye humwaga, ila baada ya kuhangaika muda mrefu. Mimi sikuchelewa hata kidogo.

Niliporudi kwa daktari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, utamu wenyewe unafika?" Akanieleza kwamba kilele na kumwaga ni vitu viwili. Kuna mwanaume anayesimamisha vizuri lakini kilele hakimjii kabisa; huyo mara nyingi huulizwa kuhusu dawa za msongo wa mawazo kama fluoksetini. Anayefika kileleni akiwa mkavu, kama mimi, hutazamwa dawa anazomeza, upasuaji wa tezi dume na kisukari kilichoharibu neva.

Sukari yangu ilikuwa sawa. Akanipa kikopo: nikojoe kwanza nimalize, nifike kileleni, kisha nikojoe tena humo. Shahawa ikiwa inarudi nyuma kwenye kibofu, mbegu huonekana kwa darubini katika mkojo huo. Wangu haukuwa nazo. Maana yake shahawa haikurudi nyuma, haikusukumwa kabisa. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ili mkojo upite, na hulegeza pia misuli ya mirija inayosukuma shahawa.

Nilitaka kuiacha siku hiyo hiyo. Akanikataza: nikiacha ghafla bila mbadala, mkojo ungeweza kuziba kabisa, na huo ni wa kukimbizwa hospitali. Alinibadilishia alfuzosini, miligramu 10 kila siku baada ya chakula, ambayo huathiri kumwaga kwa nadra zaidi. Akanionya inaweza kuleta kizunguzungu nikisimama haraka, na kweli, siku za mwanzo ilinibidi nishike ukuta asubuhi.

Siku ya kumi hivi shahawa ilitoka, kidogo kuliko zamani. Sasa naamka mara mbili usiku badala ya mara moja ya wakati wa tamsulosini. Mke wangu nilimwonyesha pakiti zote mbili, nikamsomea karatasi iliyokuwa ndani ya ile ya kwanza, pale palipoandikwa kuhusu kumwaga. Aliichukua akaisoma mwenyewe tena.