Siku moja maishani mwangu: hereni, taya na ukingo wa uso

Saa mbili asubuhi, Kilimani. Chai, kufungua faili, kupakua fremu. Kazi ya leo ni sekunde nne za tamthilia, yaani fremu 100. Mhusika yuko juu ya pikipiki, ila aliyeiendesha ni mbadala wake wa matukio ya hatari. Mwigizaji na mbadala wote wametia saini kukubali uso wa mwigizaji uwekwe juu ya wa mbadala. Watu hudhani kompyuta hubandika uso, kazi ikaisha. Hapa imebandika nyusi hadi kidevu. Masikio na shingo ni vya mbadala. Ukingo huo ndio unaonilipa.

Saa tatu naupitisha mstari wa maski, yaani mpaka wa uso mpya, mbele ya kile kinyama cha mlangoni mwa sikio. Ukilikata sikio, linapata mikunjo ya watu wawili. Shavuni naulainisha sana, kwenye taya kidogo tu, la sivyo taya inaota ukungu.

Saa nne mwelekezi anapiga: "Bosi, hereni inapotea!" Kweli. Ni hereni ya duara, na kila inapobembea mbele ya taya, uso mpya unaifunika. Dawa ni kuichora kwa mkono na kuirudisha juu ya uso. Naanza na fremu ambazo imefika mwisho wa kubembea, kisha najaza za katikati. Lakini duara lina tundu. Ukiirudisha nzima, ndani ya tundu inabaki ngozi ya mbadala, sarafu ya rangi tofauti inayocheza chini ya ndewe. Kwa hiyo nachora mara mbili, ukingo wa nje na wa tundu. Inapokwenda kasi nalainisha upande inakoelekea tu.

Anapiga tena. Na tena. Sasa analalamikia kivuli cha hereni, na ana haki, kwa sababu kimefutika pamoja na shavu la zamani. Narudi kwenye picha asili, natengeneza nakala ambayo kivuli kimefutwa, kisha nagawanya rangi za asili kwa rangi za nakala, nukta kwa nukta. Kinachobaki ni giza la kivuli peke yake. Nakizidisha juu ya uso mpya, kinakaa.

Chakula cha mchana sikukiona. Stima ikapotea, betri ikatubeba.

Jioni, sijui saa ngapi, ni taya. Ya mwigizaji ni nyembamba, hivyo kati yake na kivuli cha shingoni kumebaki ukanda wa ngozi ya zamani, kama kidevu cha pili. Naufunika kwa ngozi ya shingo kutoka fremu jirani, kisha navuta kivuli hadi kiguse taya, kikali pale kinapoanza, laini kinaposhuka. Chembechembe za kamera, ule mchanga mdogo unaoonekana kwenye picha, naziongeza mwisho kabisa. Ukitangulia nazo, kulainisha kunazifuta.

Kabla ya kutuma naipandisha picha mwanga kupita kiasi, maana gizani makosa hujificha. Fremu ya 63, chini ya ndewe: ukanda bado upo. Simu inaita tena.