Kumbukumbu ya mradi wangu: laktati ikitoka msulini inakwenda wapi?

Desemba

Swali la mradi huu ni moja. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, misuli ya miguu humwaga laktati katika damu, na vitabu husema kwamba ini huichukua laktati hiyo na kuirudisha kuwa glukosi. Ninataka kukadiria ni kiasi gani cha laktati kinachopita njia hiyo kwa mtu mmoja ninayemjua, na kuona ni wapi vyombo vyangu vinafikia ukomo wa kusema kweli. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, kwa hiyo kutoboa na kupima damu si jambo geni kwangu. Ninavyo vyombo viwili vya mkononi, kimoja cha kupima laktati na kingine cha kupima sukari, kila kimoja na stripu zake.

Mkimbiaji ni mtoto wa ndugu yangu, kijana mwenye kilo 60 anayecheza mpira na asiyehitaji kubembelezwa ili akimbie. Tunafanyia ufuoni Shela, wakati maji yamekupwa na mchanga wa chini umekuwa mgumu, mahali tulipopima mita 400 kwa futi ya mafundi. Hukimbia asubuhi mapema, kwa sababu joto la kaskazi likishapanda, stripu huharibika nje ya kasha la baridi na jasho huanza kuvuruga vipimo.

Kuhusu jasho nilitaka kuhakikisha kwa macho yangu. Jasho lina laktati nyingi kuliko damu, na stripu haiwezi kutofautisha imetoka wapi. Baada ya mbio moja nilichukua tone kutoka nyama laini ya chini ya sikio, iliyooshwa kwa maji safi na kukaushwa, kisha papo hapo nikachukua tone jingine kutoka kidole kisichooshwa. Sikio lilisoma 9.8 na kidole 14.6, milimoli kwa lita. Tangu hapo sehemu ya kutobolewa huoshwa, hukaushwa, na tone la kwanza hufutwa. Maji ya bahari hayafai kuoshea, kwa kuwa yakibaki juu ya ngozi huchanganyika na tone.

Januari

Kabla ya kuandika namba za mbio zenyewe, ni vyema kueleza kwa nini msuli unatengeneza laktati, maana wengi huidhania kuwa taka. Glukosi moja ikivunjwa hutoa piruvati mbili na faida ya ATP mbili, molekuli zinazobeba nishati ya seli. Ikiwa imetoka katika glaikojeni, yaani akiba ya glukosi ya msuli wenyewe, faida ni ATP tatu. Katika kuvunjwa huko, molekuli iitwayo NAD+ hupokea elektroni na kugeuka NADH. NAD+ iliyomo msulini ni kidogo, na isiporudishwa upesi, kazi yote husimama hata kama glaikojeni bado imejaa. Njia ya haraka ya kuirudisha ni kuzipa piruvati elektroni zile, na piruvati iliyopokea elektroni ndiyo laktati. Kwa hiyo shabaha ya uchachushaji huu ni kuirejesha NAD+, na laktati ni kile kinachobaki mkononi. Bakteria wanaogandisha maziwa kuwa mtindi hufanya jambo hilohilo kwa sababu hiyohiyo, ila wao huitupa laktati nje na kuyafanya maziwa yawe machachu, kwa kuwa hawana ini la kuipelekea.

Jambo hili pia halingoji msuli ukose oksijeni kabisa. Katika mbio za mita 400 glaikojeni huvunjwa kwa kasi kuliko uwezo wa mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kutoa nishati, kuipokea piruvati, na ile inayozidi hugeuka laktati. Hutoka nje ya seli kupitia protini za uchukuzi zilizo katika utando, ikifuatana na ioni za haidrojeni. Hata mtu aliyelala ana laktati kidogo katika damu, kwa sababu chembe nyekundu hazina mitokondria na huishi kwa uchachushaji huu mchana na usiku.

Sasa namba. Kabla ya kukimbia laktati ilikuwa 1.3. Dakika moja baada ya kumaliza ilikuwa 8.9, na dakika ya tano ikafika 13.1. Kupanda huko baada ya kusimama si kosa la chombo: laktati iliyokusanyika ndani ya misuli inaendelea kutoka na kuingia katika damu, na anayepima mara moja tu kwenye mstari wa kumalizia hukosa kilele. Akiwa amekaa kivulini, dakika ya 15 ilisoma 10.6, dakika ya 30 ikasoma 6.2, na saa nzima ilipotimia ilikuwa 2.1. Kijana alikuwa akiamini kwamba maumivu ya mapaja ya siku ya pili huletwa na laktati iliyoganda humo; namba ya saa moja ilitosha kuimaliza hoja hiyo.

Kilichonishughulisha zaidi ni sukari. Kabla ya mbio ilikuwa 5.1, na dakika tano baadaye ikawa 7.4.

“Ami, mbona sukari imepanda, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kuitumia?” aliuliza.

Ni swali zuri, na jibu la haraka linalokuja ni la kupotosha, yaani kwamba ini limekwisha kuigeuza laktati kuwa glukosi. Ingependeza mradi wangu kuwa na ushahidi rahisi hivyo, lakini hesabu ya muda haikubali. Katika mbio kali adrenalini huliamuru ini livunje glaikojeni yake na kumwaga glukosi katika damu, na ini lina kimeng'enya cha glukosi-6-fosfatasi kinachoondoa fosfeti ili glukosi iweze kutoka. Mkimbiaji akisimama, misuli hupunguza kuichota ghafla huku ini bado linamwaga, na sukari hupanda. Tena, wakati wa mbio zenyewe damu nyingi huelekezwa misulini na ini hupata kidogo kuliko kawaida. Sehemu kubwa ya kuijenga upya glukosi kutoka laktati ya mbio fupi hutokea baada ya kusimama, damu inaporejea tumboni.

Kimeng'enya hicho ndicho kiini cha ushirikiano wenyewe. Msuli hauna glukosi-6-fosfatasi ya kutosha kufanya kazi hii. Glaikojeni yake, ingawa kwa jumla ni nyingi kuliko ya ini, haiwezi kutoka msulini ikiwa glukosi. Inaweza kutoka ikiwa laktati, na ini likaifanya glukosi kwa niaba ya msuli. Mzunguko huu ulielezwa mwaka 1929 na Carl na Gerty Cori, mke na mume waliozaliwa Prague na kuhamia Marekani, waliotuzwa Nobeli mwaka 1947 pamoja na Bernardo Houssay. Mwaka 1952 haohao wawili walionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa von Gierke wamekosa kimeng'enya hicho katika ini. Watoto hao wakikaa bila chakula sukari hushuka vibaya huku laktati ikipanda, na hilo huonyesha wazi kinachotokea upande wa ini ukifungwa.

Februari

Nimekaa na karatasi kufanya makadirio. Laktati ilipanda kutoka 1.3 hadi 13.1, yaani karibu milimoli 12 kwa kila lita. Mtu wa kilo 60 ana maji ya mwili kama lita 36. Nikichukulia kwamba laktati imesambaa sawasawa katika maji yote, jambo ambalo dakika ya tano halijatimia kabisa, nyongeza ni kama milimoli 430, au gramu 39 hivi. Ingekwenda yote katika ini, ingetoa gramu 39 za glukosi, kwa kuwa laktati mbili hufanya glukosi moja na uzito haubadiliki.

Lakini haiendi yote. Vipimo vya watafiti wanaotumia kaboni iliyotiwa alama vimeonyesha kwamba wakati wa mazoezi karibu robo tatu ya laktati huchomwa na misuli mingine na moyo, ambavyo huirudisha kuwa piruvati na kuiingiza katika mitokondria. Nikiipa ini robo iliyobaki, kwa makadirio tu, milimoli 108 zitatoa milimoli 54 za glukosi, karibu gramu kumi. Hiyo ni vijiko viwili vya chai vya sukari, kutoka mbio za mita 400.

Gharama yake nayo ihesabiwe. Ini hutumia fosfeti sita zenye nishati, nne za ATP na mbili za GTP, kujenga glukosi moja ambayo msuli ulipoivunja ulipata ATP mbili. Mwili kwa jumla hupoteza nne kila mzunguko unapokamilika, na kwa milimoli 54 za glukosi ini hulipa milimoli 324. Anayeuliza kwa nini mwili unakubali biashara ya hasara namna hii aangalie ni nani analipa na lini. Msuli hupata ATP zake sekunde ileile unapozihitaji, na ini hulipa baadaye, kwa kuchoma mafuta, likiwa na oksijeni ya kutosha. Malipo hayo ni sehemu, ingawa si sehemu yote, ya kuhema kunakoendelea baada ya mkimbiaji kuketi.

Jaribio la mwisho hadi sasa lilikuwa kubadilisha mapumziko. Mbio zilikuwa zilezile, lakini badala ya kukaa, kijana aliendelea kukimbia polepole, mwendo ambao angeweza kuzungumza nao. Kilele kilikuwa 12.8, dakika ya 15 ikasoma 8.3, na dakika ya 30 ikasoma 3.6, dhidi ya 6.2 ya alipokaa. Misuli inayofanya kazi nyepesi inaihitaji laktati kama kuni za mitokondria, kwa hiyo huimaliza mapema. Maana yake kwa swali langu ni kwamba laktati iliyoondoka haraka zaidi huenda imepita kwa ini kwa kiasi kidogo kuliko alipokaa, kinyume na mtu anavyoweza kudhani akizitazama namba peke yake.

Na hapo ndipo chombo kinapoishia. Kinachosomwa na stripu ni tofauti kati ya laktati inayoingia katika damu na inayotoka. Namba ikitulia kwenye 4, inaweza kuwa kidogo kinaingia na kidogo kinatoka, au vingi pande zote mbili. Ini na mapaja huchota kutoka damu ileile, na tone la sikio halina alama ya kueleza nani amechukua nini. Robo niliyoitumia katika hesabu yangu nimeiazima kwa wenye kaboni iliyotiwa alama, na itabaki ya kuazima kwa vifaa nilivyo navyo. Kinachowezekana Shela ni kupima mbio ndefu, saa nzima badala ya dakika moja na kitu, ambapo glaikojeni ya ini hupungua na sehemu ya glukosi inayojengwa upya huongezeka. Stripu za sukari ninazo za kutosha. Za laktati nimeagiza, na zitakuja kwa kasha la baridi.