Bosi bize, kazi haieleweki

Bosi katuma wasap moja tu, "niandalie ripoti ya mauzo", halafu huyo kwenye kikao. Kumtumia maswali moja moja ndo kumchosha, so nikafungua kwanza ripoti ya robo iliyopita, mengi nikayapata humo, yakabaki mawili: matawi yote au letu tu, na inaenda kwa nani. Nikaandika meseji moja ya kujibiwa kwa neno: "Shikamoo bosi, naandaa ya Aprili hadi Juni, matawi yote, kurasa mbili za mkurugenzi. Kama sivyo nambie kabla ya saa nane, naanza na tawi letu maana hilo lazima liwemo." Kajibu: "ya benki hiyo, weka na madeni". Yani benki bana, wao wanataka kujua nani anatudai 😅