Nilivyoupata Wimbo kwa Kuandika Tu Kupanda na Kushuka kwa Noti

Nilikuwa na noti sita tu kichwani, bila neno hata moja, na karibu kila niliyemwuliza alinipa ushauri uleule: fungua programu ya simu inayotambua nyimbo, uiimbie. Ushauri huo hunikera hadi leo, kwa kuwa nyingi kati ya programu hizo hazisikilizi tuni. Hulinganisha alama za sauti za rekodi yenyewe, na sauti yangu si rekodi hiyo, hata niimbe kwa usahihi kiasi gani. Mwalimu mmoja wa kwaya, kwa kuwa tuni ilisikika kama ya ibada, alinielekeza kwenye vitabu vya tenzi. Lakini faharasa za vitabu hivyo kwa kawaida hupangwa kwa maneno ya mwanzo, nami maneno sikuwa nayo.

Utafutaji wa Google unaokubali tuni ya mdomoni ni jambo tofauti, na ndio wa kujaribu kwanza, ila wenyewe huomba sekunde 10 hadi 15 za kuimba. Noti zangu sita zilikwisha mapema mno, na kila nilipozirudia ili kujaza muda, nililetewa nyimbo zisizofanana kabisa na niliyoitafuta.

Kilichonifikisha ni njia ambayo Mwingereza Denys Parsons aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1975 cha kutafutia tuni. Huhitaji kujua jina la noti wala urefu wake. Unaweka nyota badala ya noti ya kwanza, kisha kwa kila noti inayofuata unaandika herufi moja: U ikiwa imepanda kuliko iliyotangulia, D ikiwa imeshuka, R ikiwa imerudia palepale. Mfuatano huo unaandikwa kwenye tovuti ya Musipedia, katika sehemu ya kutafuta kwa mkondo wa tuni, yaani kupanda na kushuka kwake.

Mwanzoni nilipata `*UDDD`, na matokeo yalikuwa ovyo. Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nikivumisha tuni kwa midomo iliyofumbwa, na ukivumisha hivyo, noti mbili zinazofanana zikifuatana huungana zikawa noti moja ndefu, kwa hiyo R hupotea bila wewe kujua. Nilipoimba polepole kwa silabi “da”, nikiupandisha na kuushusha mkono pamoja na kila noti, ilidhihirika kwamba noti ya pili inapigwa mara mbili. Kwa solfa ilikuwa mi sol sol, mi re do, yaani `*URDDD`. Tangu siku hiyo siandiki tuni yoyote kabla ya kuiimba kwa “da”, kwa maana ulimi ndio unaotenganisha noti.

Hata hivyo, herufi tano hazitoshi. Kila nafasi ina uwezekano wa aina tatu, kwa hiyo herufi tano hutoa mikondo 243 tu, na tuni nyingi mno zinalazimika kugawana mikondo hiyo. Herufi kumi hutoa mikondo 59,049. Nilihitaji noti zaidi, nazo hazikuja kwa kulazimishwa. Zilikuja nilipoiwasha simu irekodi, nikaimba zile sita kwa mwendo wake wa kawaida bila kusimama mwishoni, nikaacha sauti iendelee yenyewe. Kikaja kipande cha pili: re mi sol mi re. Mfuatano kamili ukawa:

```
*URDDDUUUDD
```

Safari hii, miongoni mwa tuni za juu kwenye orodha ilikuwamo sehemu ya polepole ya Simfonia ya 9 ya mtunzi Dvořák, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Sikukubali kwa kuona jina tu, kwa sababu mkondo hausemi noti imeruka umbali gani. Nilisikiliza kama noti ya kwanza kwenda ya pili inaruka kutoka mi hadi sol, au inapanda hatua moja tu. Iliruka, na hapo nikaitambua pia ile ala ya kupuliza ya jamii ya obo, yenye sauti nzito, inayoibeba tuni hiyo.

Mwalimu wa kwaya naye hakuwa amesikia vibaya. Mwaka 1922 William Arms Fisher, mwanafunzi wa zamani wa Dvořák, aliitungia tuni hiyo maneno, na tangu hapo wengi huidhani kuwa ni wimbo wa kiroho wa zamani.

Ikiwa mfuatano wako hauleti kitu, ondoa herufi ya kwanza kabla ya kubadilisha nyingine yoyote, kwani mara nyingi tunachokikumbuka huanza na noti ndogo ya kuingilia ambayo waliouandika wimbo kwenye hazina ya Musipedia hawakuihesabu. Na kwa nyimbo zinazoghaniwa juu ya noti moja au mbili, njia hii haitakufaa, maana karibu mkondo wake wote ni R tupu.